Gunia la kilo 18 lililosomwa 71

Muuza tende katika soko la Matrah, Maskati, anapima gunia kisha anaandika uzito ubavuni kwa kalamu ya wino mzito: kijiti kimoja cha wima kwa moja, na umbo la paa la nyumba kwa nane. Ndivyo tarakimu za Kiarabu zinavyoandikwa, ١٨. Gunia linafika Unguja, linashushwa na kulazwa kichwa chini. Kijana wa ghala asiyezijua tarakimu hizo anatoa simu, anapiga picha na kubonyeza tafsiri. Simu inamjibu 71.

Saba ya Kiarabu inafanana na herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa. Ukiipindua 18, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: tarakimu ya mwisho inakuwa ya kwanza, na paa linageuka V. Kijiti cha moja hakibadiliki. Kilichobaki ubavuni mwa gunia ni ٧١, yaani sabini na moja, iliyokamilika bila hata alama ya kutia shaka. Na kama programu imedhani maandishi hayo ni ya Kilatini, michoro hiyohiyo miwili itasomeka VI, sita ya Kirumi.

Watu huilaumu tafsiri, lakini hapa tafsiri haina kosa. Katika programu nyingi za aina hii, kazi hupita mikono kadhaa. Kwanza hutafutwa mahali penye maandishi na kuwekewa mipaka. Kisha kila mstari hukatwa na kunyooshwa, na sehemu inayosoma, ambayo nitaiita msomaji, hulinganisha michoro na maumbo ya herufi iliyofundishwa. Mtafsiri anakuja mwisho kabisa, na anachopewa ni herufi tupu. Picha hakuiona. Akipewa 71 atatafsiri 71.

Msomaji naye amefundishwa zaidi kwa herufi zilizosimama. Akikutana na iliyopinduka mara nyingi hanyamazi, bali huchagua umbo linaloikaribia. Kwa hiyo n inakuwa u, d inakuwa p, 6 inakuwa 9. Herufi kubwa kama H, I, N, O, S, X na Z hazimsaidii, kwa kuwa juu na chini kwake ni sawa. Mwaka wa uhuru wa Tanganyika, 1961, ukiupindua unabaki 1961. Jaribu pia neno "ama" lililochapwa kwa herufi ndogo: geuza karatasi, a yenye kikofia itaelekea kufanana na e, m itafanana na w, na macho yataona "ewe". Msomaji akikubali hivyo, kiunganishi kimegeuka mwito, na hakuna kosa la tahajia la kumshtua yeyote.

Mashine inawezaje basi kujua kwamba picha imepinduka? Njia mojawapo ni kuhesabu mikia. Katika Kiswahili herufi zinazopanda juu ya mstari, kama k, l, h, t na b, ni nyingi kuliko zinazoshuka chini yake, kama p, y, g na j. Ukurasa ambao mikia inayoshuka imezidi sana, yaelekea umepinduliwa. Njia nyingine ni kuichukua herufi mojamoja, kuigeuza pande zote nne, na kuona upande gani unalingana zaidi na maumbo yanayojulikana. Tesseract, programu ya bure iliyoanzia katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, inaweza kuulizwa jambo hilo tu, bila kusoma chochote:

```
tesseract lebo.jpg stdout --psm 0
```

Picha ikiwa imepinduka, majibu yatakuwa na mstari unaosema `Rotate: 180`. Lakini ukiiendesha bila maagizo hayo, kawaida yake ni kusoma moja kwa moja pasipo kuuliza juu ni wapi. Na ukiipa maandishi mafupi mno inakataa: `Too few characters. Skipping this page`. Mimi naiheshimu kwa kukataa huko. Njia zote hizi ni za kura, na kura zinahitaji wapigakura. Ukurasa wa gazeti una herufi maelfu. Gunia letu lina tarakimu mbili, na zote mbili zikipinduliwa bado ni tarakimu halali. Tarehe ya mwisho ya matumizi, namba ya toleo la dawa, bei na uzito viko katika hali hiyohiyo: vifupi, vya herufi kubwa na tarakimu, bila mikia ya kuhesabu.

Picha iliyoinama kidogo ina ugonjwa mwingine. Hapo herufi zenyewe huweza kusomwa vizuri, ila mistari ndiyo inayochanganyika. Chukua barua yenye mistari ya urefu wa sentimita 18, iliyopigwa picha ikiwa imeinama digrii 3 tu. Mwisho wa mstari utakuwa umepanda au kushuka karibu sentimita 0.9 kulinganisha na mwanzo wake. Nafasi kati ya mstari na mstari katika barua ya kawaida ni kama nusu sentimita. Programu isiyonyoosha picha kwanza itaanza na mstari wa tano na kumalizia na maneno ya wa saba, na mtafsiri atajitahidi kuiunga sentensi ambayo hakuna aliyeiandika. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kila neno ni sahihi, lakini sentensi haina kichwa wala miguu.

Picha iliyolala ubavu, digrii 90, kwa kawaida hujifichua yenyewe, maana hutoa vijiti, nukta na Z zilizokuwa N. Ajabu yake ni kwamba wakati mwingine wewe unaiona imesimama. Simu nyingi hazigeuzi picha yenyewe. Huihifadhi kama kamera ilivyoiona na kuandika pembeni, ndani ya faili, namba ya mwelekeo: 1 ni sawa, 3 ni kichwa chini, 6 na 8 ni za ubavu. Programu ya kuonyesha picha huitii namba hiyo. Programu ya kusoma isiyoitii inaona picha iliyolala. Ukishuku hilo, piga picha ya skrini huku picha ikiwa imesimama, kisha tumia hiyo.

Na namba hiyo yenyewe hukosewa hasa unapopiga karatasi iliyo mezani. Simu hujua chini ni wapi kwa kuhisi mvutano wa dunia. Ukiishika bapa juu ya meza, mvutano unapita mgongoni mwake, hakuna ukingo ulio chini kuliko mwingine, na simu hubaki na mwelekeo iliokuwa nao mwanzo. Isimamishe kidogo kwanza, kisha ndiyo uilaze.

Kwa gunia, namba ya mwelekeo haisaidii kitu, kwa sababu simu ilikuwa wima; kilichopinduka ni gunia. Hapo panua picha ichukue na maneno yaliyo karibu, au tarakimu isiyoigiza nyingine, kama ٢ au ٤. Kama hakuna, piga picha mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza simu kichwa chini. Jibu likiwa na maana upande mmoja tu, chukua huo. Likiwa na maana pande zote mbili, pandisha gunia kwenye mizani.