Tageti Imefika, Wateja Wako Wapi?

Anayeuza mitambo ya sola kwa mkopo huuza ahadi. Mteja hutoa kianzio kidogo, paneli hufungwa juu ya bati, kisha kila siku hulipa, tuseme shilingi 1,000, kwa simu. Siku alizolipia zikiisha, taa huzimika mpaka alipe tena. Kampuni hairudishi gharama zake mpaka alipe kwa miezi mingi. Lakini muuzaji aliyezoea kupewa kamisheni yote siku paneli inapofungwa hana sababu ya kumfikiria mteja huyo tena.

Ndiyo maana kampuni za aina hii zinahitaji kadi ya alama yenye sehemu tatu: umeuza kiasi gani, umeuzaje, na wangapi bado wanalipa. Sehemu ya kwanza ni rahisi kuihesabu. Ya pili hupatikana kwa kuwapigia simu wateja wapya: je, unajua bei yote ni kiasi gani? Uliambiwa taa zitazimika usipolipa? Huo mtambo ni wako kweli? Ya tatu hungoja siku 90, kisha siku zilizolipiwa hulinganishwa na siku zilizopaswa kulipiwa.

Tuchukue mfano wa wauzaji wawili wenye tageti ya mitambo 50. Wa Sengerema ameuza 60, wa Magu 42. Ofisini wa kwanza anapigiwa makofi, na wa pili anaitwa na bosi kujieleza. Baada ya miezi mitatu, kwa kila siku 100 zilizopaswa kulipiwa, wateja wa Sengerema wamelipa 54, wa Magu 88. Katika wateja kumi waliopigiwa simu, sita wa Sengerema walijua walichonunua. Wa Magu walikuwa tisa.

Sasa tugawe alama: 40 kwa mauzo, 20 kwa namna ya kuuza, 40 kwa wateja wanaoendelea kulipa. Tuweke na dari, kwamba anayevuka tageti hapati zaidi ya hizo 40. Wa Sengerema anapata 40, 12 na 21.6, jumla 73.6. Wa Magu anapata 33.6, 18 na 35.2, jumla 86.8. Anayestahili makofi amebadilika.

Ila usiiamini kadi kwa sababu tu ina sehemu tatu. Mauzo yakipewa alama 70 na hizo mbili nyingine 15 kila moja, wa Sengerema anaongoza tena, 87.1 kwa 85.5, hata dari ikiwepo. Kadi nyingi huharibikia hapo: bosi anatangaza kwamba ubora unapimwa, kisha anaupa uzito usiomtisha mtu. Wauzaji ni wepisi wa hesabu. Siku hiyo hiyo wanajua wapi pa kukimbilia.

Hali mbaya ya kupima idadi peke yake ilionekana Marekani. Benki ya Wells Fargo iliwasukuma wafanyakazi wa matawi wamuuzie kila mteja bidhaa nane. Wengi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ikatozwa faini ya dola milioni 185, na ilikuwa imeshawafukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Mwezi uliofuata iliziondoa tageti hizo. Kwenye ripoti za kila siku, zile akaunti hewa zilionekana sawa kabisa na za kweli.

Sehemu ya tatu nayo huchezewa. Ikikaribia siku ya 90, muuzaji huwalipia wateja wake kwa mfuko wake, maana kamisheni inayosubiri ni kubwa kuliko anachotoa. Dalili zake hazijifichi: mitambo saba imelipiwa kwa namba moja ya simu jioni moja, kisha wiki inayofuata yote saba imezimika. Simu za uhakiki pia zisipigwe na msimamizi anayegawana bonasi na muuzaji, na wateja wa kupigiwa wachaguliwe kwa bahati nasibu. Wateja kumi ni wachache mno. Mmoja akijibu vibaya, alama mbili zimeondoka.

Lililo gumu zaidi ni haki. Mkulima wa pamba hulipa vizuri akishauza, na huyumba miezi ya palizi. Muuzaji wa kijijini akipimwa kwa kipimo cha mwenzake wa mjini, ataonekana mzembe bila kosa. Kwa hiyo alama ya malipo ilinganishwe na ya eneo lile lile, msimu ule ule. Kamisheni nayo ikatwe vipande viwili, nusu siku ya kufunga paneli, nusu siku ya 90, ili muuzaji asilale njaa akisubiri. Na akihamishwa eneo, nusu iliyobaki imfuate huko aendako, vinginevyo aliyemrithi atalipwa kwa wateja asiowahi kuwaona, au ataadhibiwa kwa ajili yao.