Amonia na Asidi Mwenza Wake

Kama amonia ingekuwa besi kali, myeyusho wa mola 0.10 kwa lita ungefika pH 13. Lakini molekuli 13 hivi tu kati ya 1,000 huchukua protoni ya maji na kuacha haidroksidi. Kb yake, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ni 1.8 × 10⁻⁵. Izidishe kwa 0.10, kisha tafuta kipeuo cha pili: haidroksidi ni 1.34 × 10⁻³, yaani pOH 2.87. Ukiitoa kwenye 14 unapata pH 11.13. Wengi huishia kwenye 2.87; besi yenye pH chini ya 7 ikushtue.

Amonia iliyopokea protoni ni amonia ayoni, asidi mwenza wake. Ka ya ayoni hiyo ikizidishwa kwa Kb huwa 10⁻¹⁴, hivyo Ka ni 5.6 × 10⁻¹⁰. Kwa hesabu ileile, amonia kloridi ya mola 0.10 ina pH 5.1.