Kabla hujawasha data, pitia meseji zenye alama ya saa

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee ile alama ya saa ndogo kwenye meseji ya WhatsApp. Iliwahi kuniaibisha.

Nauza mtandaoni fenicha za mafundi wa Keko. Jioni moja umeme ulikatika, na mtandao nao ukapotea. Dada mmoja wa Mbagala alikuwa ameulizia meza ya sebuleni, nikamjibu: "Ipo, 120,000, tuma hela nikuwekee." Meseji ikabaki na alama ya saa. Saa moja usiku mteja mwingine akapita karakana akainunua kwa keshi. Saa tatu mtandao ukarudi, meseji ikaenda yenyewe. Dada akatuma hela, na meza haipo! Nikarudisha hela yake, na makato nikabeba mimi.

Alama ya saa maana yake meseji bado iko kwenye simu yako, inasubiri foleni. Mtandao ukirudi inaondoka bila kukuuliza. Tiki moja imeshatoka kwako, tiki mbili imefika kwenye simu ya mteja.

Siku hizi nafanya hivi. Mtandao ukikata, nazima data kabisa. Kila ninachomwahidi mteja nakiandika kwenye daftari: saa, jina, bidhaa, bei. Daftari, kwa sababu simu inaweza kuzima chaji. Bidhaa ikiuzwa, naikata mstari palepale.

Umeme ukirudi, siwashi data kwanza. Nafungua chati za wateja waliokatwa mstari, nashikilia meseji yenye saa, naifuta. Ndipo nawasha data, halafu nasoma zilizoingia kabla ya kujibu chochote. Huenda mteja ameshaandika "basi, nimepata kwingine."

Foleni inaweza kukaa muda mrefu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima. Ahadi ya asubuhi ikifika jioni, bei au mzigo unaweza kuwa umebadilika.

Hela ina sheria yake: usirudie kutuma kwa kubahatisha. Menyu ya M-Pesa ya *150*00# haihitaji bando, ila inahitaji mnara uwe hewani. Ikikatika katikati ya muamala, subiri SMS, kisha angalia salio. Tuseme ulikuwa na 200,000 ukamrudishia mteja 120,000. Salio likisoma 80,000 na kidogo kupungua kwa makato, imeenda. Likiwa bado 200,000, subiri kidogo, angalia tena, ndipo urudie.

Meseji ikienda mara mbili utaomba radhi. Hela ikienda mara mbili, utaanza kumbembeleza mtu airudishe.