Kilima Kimoja, Sababu Mbili

Swali la vimeng'enya katika mtihani wa biolojia huja na grafu, na wengi huisoma kwa kufuata mstari kwa kidole: umepanda, umefika kileleni, umeshuka. Hayo ni maelezo ya umbo tu. Mtahini anataka kujua ni nini kilichoizuia kasi katika kila sehemu ya mstari huo.

Tuchukue jaribio la mate na wanga. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata wanga kuwa sukari ya maltosi. Iodini ikikuta wanga hugeuka bluu inayokaribia weusi. Wanga ukiisha, hubaki na rangi yake ya kahawia. Mwanafunzi huchanganya mate na maji ya wanga, huchota tone kila baada ya sekunde 20, akalitia kwenye iodini, na kuandika muda ambao bluu haikutokea tena. Tuseme alipata sekunde 400 katika nyuzi 10 za selsiasi, 200 katika nyuzi 20, 100 katika 30, 60 katika 40, na 120 katika 50. Katika nyuzi 60 bluu haikuondoka kabisa.

Akichora muda kama ulivyo, atapata bonde badala ya kilima, na msomaji mwenye haraka atadhani nyuzi 40 ndizo mbaya kuliko zote. Muda mfupi ndio kasi kubwa. Basi agawe 1,000 kwa muda: atapata 2.5, kisha 5, 10, 16.7, 8.3, na mwisho sifuri. Sasa kilima kimesimama.

Mteremko wa kushoto na wa kulia hufanana kwa macho, lakini visa vyake ni viwili. Kushoto, kwenye baridi, amilesi ni nzima. Ila chembe zake na za wanga zinakwenda taratibu, hazigongani mara nyingi, na zikigongana huwa hazina nishati ya kutosha. Ndiyo maana kasi iliongezeka maradufu kutoka nyuzi 10 hadi 20, na tena hadi 30. Kulia, joto limevunja vifungo vinavyoshikilia umbo la protini, na ile sehemu ambayo wanga hujipachika imeharibika. Kuandika kwamba kimeng'enya "kimekufa" katika nyuzi 10 ni kupoteza alama bure, tena kwa makosa mawili, kwani kimeng'enya si kiumbe hai. Anayetaka kuthibitisha achukue mate yaliyokaa kwenye barafu na mate yaliyochemshwa, ayarudishe yote kwenye nyuzi 37, kisha ayape wanga. Ya barafu yatafanya kazi, ya kuchemshwa hayatafanya.

Na kilele chenyewe? Usiape kwamba ni nyuzi 40. Vipimo viliruka nyuzi kumi kumi, hivyo kilele halisi kinaweza kuwa popote kati ya 30 na 50. Anayekitaka hasa arudie jaribio katika nyuzi 34, 37, 43 na 46.

Grafu ya pH nayo ni kilima, lakini huko hata mteremko wa kushoto huhusu umbo na chaji za kimeng'enya. Amilesi ya mate hupenda pH inayokaribia 7; pepsini ya tumboni hufanya kazi vizuri karibu na pH 2. Tonge likishaloa asidi ya tumbo, amilesi husimama na pepsini huanza.

Grafu ya tatu haina kilima. Unapoongeza sabstreti, yaani dutu inayoshughulikiwa na kimeng'enya, mstari hupanda kisha hulala. Hapa wengi huandika kwamba kimeng'enya kimeharibika, kwa mazoea ya grafu ya joto. La, kimejaa. Ni kama kivuko kilichokwisha kujaza abiria: foleni ikirefuka ng'ambo hii, wanaovushwa kwa saa ni walewale. Mwanzoni kilichopungua kilikuwa sabstreti. Mstari ulipolala, kilichopungua ni kimeng'enya.

Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, wakiwa Berlin, walieleza mkunjo huo kwa hesabu, wakitumia kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa. Kutokana na kazi yao tuna namna ya kuusoma. Mstari ukilala kwenye kasi ya 12, chukua nusu yake, 6. Nenda mlalo hadi uguse mkunjo, kisha shuka wima hadi kwenye mhimili wa chini. Namba unayoikuta ni kiasi cha sabstreti kinachokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake kubwa kabisa. Ikiwa ndogo, kimeng'enya hufanya kazi vizuri hata sabstreti ikiwa haba.

Swali la mwisho huwa hili: chora mkunjo mpya iwapo kimeng'enya kitaongezwa maradufu. Uanzie palepale kwenye sifuri, upande kwa wima zaidi, ulale kwenye 24. Ukishuka kutoka 12, nusu mpya, utafika kwenye namba ileile ya mhimili wa chini.