Sivi ya shefu wa mradi: iweke kando ya ofri, ndipo uisome

Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inamlazimu kila mwenye hati ya kuchimba atoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi. Kampuni ikiuza madini ya dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Pesa hizo zina chombo chao cha kuzisimamia, na ndani yake wawakilishi wa jamii wanaketi pamoja na wa kampuni. Kwa hiyo kuna siku mtoto wa krezeri, mwalimu wa kijiji ao mama muuza unga anajikuta mezani, sivi tatu mbele yake, anaulizwa: nani aongoze mradi wetu?

Wengi wanaangalia vyeo na diplome, wanachagua sivi yenye kurasa nyingi. Kisha mwaka unapita, robine hazitoki maji, na shefu wa mradi amekwisha rudi Goma. Sivi inasomwa vizuri ikilazwa kando ya ofri ya kazi, ofri kushoto, sivi kulia, na kuulizwa mambo manne: alifanya kazi kwa njia gani, mradi ulikuwa wa ukubwa gani, alishughulika na watu gani, na mwishoni nini kilibaki pale.

Tuchukue mfano tulioutunga. Ofri inatafuta shefu wa mradi wa maji karibu na mgodi: kuleta maji ya chemchemi kwa bomba la kilometa 9, kusimamisha vituo 12 vya robine, kwa miezi 12 na dola 300,000. Inadai mtu anayejua kadri lojike na usimamizi wa hatari za mradi, aliyezoea kufanya kazi na shefa ya kimila, zoni ya sante, koperative ya wakrezeri na kampuni. Sivi tatu zimefika.

Njia ya kazi

Sivi ya kwanza inaandika: "PMP, PRINCE2, ajil, skram, kadri lojike." Maneno matano kwenye mstari mmoja, na chini yake hakuna kazi hata moja inayoonyesha neno moja kati ya hayo likitumika. Ajil na skram zilizaliwa kwa watengenezaji wa programu za kompyuta, ambao wanaweza kubadilisha kazi kila wiki mbili. Bomba halibadilishwi hivyo: ukikosea mteremko kwenye kilometa ya pili, maji hayatafika kilometa ya tisa. Mtu anaweza kuzijua zote, sawa, lakini ofri hii haikuziomba.

PMP nayo inahitaji jicho. Cheti hicho kinatolewa na Project Management Institute ya Marekani. Mwenye diplome ya chuo kikuu ya miaka minne anadaiwa kwanza miezi 36 ya kuongoza miradi. Mwenye diplome ya sekondari miezi 60. Juu yake masaa 35 ya masomo, kisha mtihani. Sasa hesabu tarehe za sivi. Kama mtu alimaliza chuo mwaka 2023 na anasema alipata PMP mwaka 2024, miezi 36 ameitoa wapi? Mara nyingi si uongo mtupu: alifuata yale masomo ya masaa 35 kwenye sentre fulani ya mjini, akapewa karatasi ya kuhudhuria, akaandika "PMP". Kuhudhuria masomo ni jambo moja, kupita mtihani ni lingine. Muombe namba ya cheti. Anayo ama hana.

Sivi ya pili haina PMP. Inasema: "Nilitengeneza ratiba ya wiki kwa wiki pamoja na anterprenere, nikashika daftari ya hatari, nikaandika ripoti kila mwezi." Hiyo ndiyo njia ya kazi inayoonekana. Sivi ya tatu ina PMD Pro, cheti kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa ma-ONG, na inasema mara moja tu kwamba kadri lojike ilitumika.

Ukubwa

Hapa ndipo watu wanadanganyika zaidi. Sivi ya kwanza inapiga kelele: "programu ya dola milioni 4." Soma mstari wote. Programu ilikuwa ya mashirika matano, kwa miezi 36, na yeye alikuwa asistan wa shefu wa mradi kwenye shirika moja. Hata tukisema shirika lake lilipata sehemu sawa na mengine, ni dola 800,000, na mwenye kutia sahihi alikuwa mwingine. Mbele ya bajeti yoyote uliza: sehemu yake ni ngapi, na sahihi ilikuwa ya nani?

Jambo la pili ni mwendo. Gawanya pesa kwa miezi. Ofri yetu ni dola 25,000 kwa mwezi. Sivi ya pili ilijenga masomo mawili ya dola 180,000 kwa miezi 9: dola 20,000 kwa mwezi. Sivi ya tatu ilikuwa na mradi wa maji wa dola 240,000 kwa miezi 10: dola 24,000 kwa mwezi. Wote wawili wamezoea mwendo ulio karibu na wetu. Mtu aliyezoea dola 3,000 kwa mwezi anaweza kuwa hodari sana, lakini hapa atakutana na mambo mapya kwake: soko la zabuni, mikataba, garanti. Na aliyezoea laki nyingi kwa mwezi pengine alikuwa na mhasibu, lojistisien na madereva, vitu ambavyo mradi wetu hauna.

Watu

"Nilikordone wadau wote." Maneno haya yako karibu kwenye kila sivi ya Goma, na hayasemi kitu. Wadau wana majina ya kazi, na kwa kila mmoja kuna tendo. Sivi ya tatu inaandika hivi: ilipata karatasi za kutoa ardhi kutoka kwa familia tatu ambazo bomba lingepita shambani mwao, mbele ya shefu wa lokalite, ilisimamisha kamati ya maji yenye wanawake nusu, ilipokea malalamiko 14, ikamaliza 12.

Angalia hiyo namba 12. Mtu anayekubali kwamba malalamiko mawili yalibaki ameyahesabu kweli. Na ile karatasi ya ardhi ni kitu kikubwa kwetu. Kwenye eneo la mgodi, kila kipande kina mwenyewe wa kimila, mwenye shimo, na kampuni yenye hati juu ya vyote. Bomba likipita bila makubaliano linakatwa usiku. Sivi ya pili inataja injinia na anterprenere peke yao. Haina kosa, lakini ofri iliomba shefa, zoni ya sante na koperative, na hao hawaonekani.

Nini kilibaki

Sivi ya kwanza inajisifu: "bajeti ilitekelezwa kwa 100%, wafaidika 25,000." Kumaliza pesa si kumaliza kazi. Na wafaidika 25,000 mara nyingi ni hesabu ya watu wote wanaokaa eneo hilo, hata wale ambao hawakupata bido moja ya maji.

Sivi ya pili inasema masomo yalichelewa miezi miwili sababu ya mvua na barabara, resepsio ya muda ilifanywa, na resepsio ya mwisho ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kuchelewa kulikoelezwa ni alama nzuri. Resepsio ya mwisho ni nzuri zaidi: mtu alirudi akakuta paa bado linasimama.

Sivi ya tatu inaonekana mbaya kwa haraka: mradi ulisimama mwezi wa saba, Februari 2025. Wengine wangeiweka pembeni palepale. Lakini kumbuka tarehe hiyo hapa kwetu. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, banki zikafunga, kiwanja cha ndege kikafunga. Siku zilezile Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na baadaye mikataba mingi ya USAID ikavunjwa. Sivi nyingi za mji huu zina shimo hapo, na shimo hilo halikuchimbwa na mwenye sivi.

Swali la haki ni: siku mradi ulipokatika, alifanya nini? Huyu anaandika kwamba kilometa 4.5 kati ya 6 zilikuwa zimelazwa, vituo 5 kati ya 8 vilikuwa vinatoka maji, mabomba yaliyobaki yalihesabiwa na kuachiwa zoni ya sante kwa karatasi ya makabidhiano, na kamati iliendelea kukusanya franga za matengenezo. Huo ni mradi uliokatika, lakini umefungwa kwa mikono safi. Mwingine akiandika tu "mradi ulisimama sababu ya usalama", muulize vifaa vilibaki wapi. Jibu linapokosa hesabu, hapo ndipo kuna shida.

Kuhesabu na kuita

Toa alama 0 pale sivi haisemi kitu, 1 pale inasema bila tendo ao namba, 2 pale inaonyesha tendo, namba na mahali. Andikeni kila mtu peke yake kabla ya kuzungumza, isije alama zikafuata sauti ya mkubwa mezani. Kwetu sivi ya kwanza inapata 1 kwa njia, 1 kwa ukubwa, 0 kwa watu, 1 kwa matokeo: jumla 3. Ya pili inapata 2, 2, 1, 2: jumla 7. Ya tatu inapata 1, 2, 2, 2: nayo 7.

Basi waiteni wawili hao, lakini msiwaulize maswali yaleyale tu. Wa pili mwulize: "Papa, familia ikikatala bomba lipite shambani, wewe unaanzia kwa nani?" Wa tatu mwulize: "Tuonyeshe kwenye karatasi hatari tatu za mradi wetu, na wiki gani zitatupata." Pale alama yao ilipungua, pale ndipo swali linaingia. Kisha pigeni simu kule walikofanya kazi, si kwa shefu wao wa zamani tu. Ongeeni na mtu wa kamati ya maji ao direktere wa masomo, na swali liwe fupi: robine inatoka maji leo? Paa linavuja?

Na wewe kijana wa mgodi uliyesoma Goma na unatafuta kazi hii, futa "nilikordone wadau wote". Andika nani, ngapi, wapi, na kitu gani mtu akienda leo atakikuta.