Apostrofi ya ng'ombe: alama ndogo inayofanya mesaji moja ilipiwe kama tatu

Kiongozi mmoja wa koperative ya wafugaji, kule Lubero, aliniletea malalamiko ambayo nilidhani ni ya watu wa mtandao wa simu. Alikuwa ametuma mesaji moja kwa wafugaji 400 kuwaita kwenye chanjo. Alihesabu uniti za mesaji 400. Zilikatwa za mesaji 1200. Maneno yenyewe ni haya:

«Wafugaji wote: chanjo ya ng'ombe itaanza Jumanne saa 2 asubuhi kwenye zizi la soko. Leteni ng'ombe wote, pamoja na ndama wa miezi 6 kwenda juu.»

Ukihesabu herufi, alama na nafasi, unapata 143. Mesaji moja ya kawaida inabeba 160. Kwa hiyo ilipaswa kwenda mara moja, na bado ibaki nafasi. Tulisoma tena na tena, hatukuona kosa. Kosa lilikuwa ndani ya neno ng'ombe, na kwa macho halionekani kirahisi.

Simu zina orodha fupi ya alama ambazo zinaweza kubana ndani ya mesaji ya 160. Apostrofi iliyonyooka (') imo katika orodha hiyo. Hata é na à za Kifaransa zimo. Lakini apostrofi iliyopinda (’), ile inayofanana na koma iliyopandishwa juu, haimo. Ikiingia hata moja tu, simu inaacha orodha fupi na kuandika mesaji yote kwa njia nyingine inayokula nafasi zaidi. Hapo mesaji moja inabeba herufi 70 tu, na ikibidi ikatwe vipande, kila kipande kinabeba 67. Gawanya 143 kwa 67: vipande viwili vinafika 134, herufi 9 zinabaki nje, na kwa ajili ya hizo 9 unalipa kipande cha tatu. Watu 400 mara vipande 3, ndiyo 1200 yake.

Apostrofi ile ilipinda wapi? Mesaji iliandikwa kwanza kwenye ordinatere ya sekretaria, ndani ya Word, kisha ikanakiliwa kupelekwa kwenye simu. Word inapinda apostrofi yenyewe unapoandika, kwa sababu inadhani unataka maandishi mazuri ya kitabu. Kwa barua ya karatasi hakuna ubaya. Kwa mesaji, ni hasara. Simu za iPhone nazo zinapinda bila kuuliza.

Kujua kama jambo hili limekupata ni rahisi. Simu nyingi, unapoandika mesaji, zinaonyesha pembeni hesabu ya herufi zinazobaki. Ukiona hesabu inashuka ghafla, au inaonyesha vipande viwili wakati umeandika mistari miwili tu, tafuta apostrofi. Ifute, uiandike upya kwa kitufe cha simu, kisha angalia kama hesabu imerudi. Kwenye iPhone, zima kwanza Ponctuation intelligente, ndani ya Réglages, Général, Clavier. Kwenye Word, pita Fichier, Options, Vérification, Options de correction automatique, halafu kwenye ukurasa unaohusu mambo ya kuandika papo hapo, ondoa alama kwenye mstari wa guillemets. Ukishaondoa, fungua Remplacer, andika ' juu na ' chini, bonyeza Remplacer tout. Inaonekana kama mchezo wa kubadilisha kitu kwa kitu kilekile, lakini Word itazinyoosha zote za zamani.

Wapo wanaosema: basi andikeni ngombe, mambo yaishe. Nawaelewa. Huku kwetu wengi tunatamka ngombe, g ikisikika kabisa kama katika ngoma, na sikio halitusaidii kukumbuka alama. Lakini katika Kiswahili cha vitabu ng' ni sauti moja, inayotoka puani bila g kugonga, na ng ya ngoma ni sauti mbili. Ngao ni ya kujikinga vitani, mng'ao ni mwanga wa kitu kinachong'aa. Mtoto anayesoma kung'oa, nung'unika na king'ora bila alama atazisoma vibaya siku ya mtihani. Na mtu anayetafuta habari za ng'ombe katika makala zetu za zamani hapati zile zilizoandikwa ngombe. Mimi naibakiza.

Shida nyingine ni klavie yenyewe. Klavie zetu nyingi ni za Kifaransa, zinazoanza na AZERTY, na juu yake apostrofi imekaa kwenye kitufe cha 4, katikati ya " ya kitufe cha 3 na ( ya kitufe cha 5. Kidole kikiteleza kidogo, unapata ng"ombe au ng(ombe. Haya angalau yanaonekana. Kibaya zaidi ni kichwa cha habari cha herufi kubwa. Ukifunga herufi kubwa kwenye klavie ya namna hiyo, hata mstari wa tarakimu unafungwa, na kitufe kile kinatoa 4 badala ya apostrofi. Ndiyo maana unakuta tangazo ukutani limeandikwa SOKO LA NG4OMBE, na watu wanacheka wakidhani mwandishi hakusoma. Alisoma, ila alikuwa anaangalia vidole, si skrini. Dawa yake: andika kichwa kwa herufi ndogo, kichague, kisha bonyeza Maj na F3 pamoja mpaka herufi ziwe kubwa.

Wengine wakikosa apostrofi wanachukua alama inayofanana nayo, ile ya è iliyosimama peke yake (`). Kwa jicho inapita. Kwa mesaji inaleta gharama ileile, maana nayo haimo katika orodha fupi. Na kwa ordinatere nyingi neno linakatika vipande viwili, ng upande mmoja na ombe upande mwingine.

Na ukiona ngâ€™ombe kwenye ukurasa, usimlaumu aliyeandika. Hapo apostrofi iliyopinda ilihifadhiwa kwa mfumo mmoja wa herufi (UTF-8), ikafunguliwa kwa mfumo mwingine wa zamani wa Windows. Apostrofi iliyonyooka haifanyiwi hivyo, kwa kuwa mifumo hiyo yote miwili inaihifadhi sawasawa.

Makosa ya ch na ny ni ya namna nyingine, yanatoka shuleni. Aliyezoea Kifaransa anasoma ch kama sh, basi anaandika tshakula, akifuata mfano wa jina Tshopo. Jina la mkoa libaki lilivyo, chakula kiandikwe kwa ch. Vilevile mwana si mouana, na nyama si niama. Haya mashine haiyaleti wala haiyaondoi, ni kazi ya anayesoma kabla ya kutuma.

Yule kiongozi wa koperative alirudi wiki iliyofuata na mesaji ya pili, ya kuwakumbusha wale ambao hawakufika. Aliiandika moja kwa moja kwenye simu yake, neno ng'ombe likiwemo mara tatu. Kabla ya kutuma alinionyesha hesabu pembeni: kipande kimoja.