Nukuu ya Bei ya Ujenzi: Jinsi ya Kuiandika Ili Isilete Hasara Wala Ugomvi

Ugomvi mwingi kati ya mwanakandarasi na mwenye nyumba huanza kabla ya kazi yenyewe, pale bei inapotajwa kwa mdomo au kuandikwa kama jumla moja: "Sakafu, shilingi laki moja." Siku ya kumwaga zege, mmoja anauliza maji yako wapi, mwingine anadhani yalikuwa ndani ya bei. Nukuu ya bei, au kotesheni kama wengi wanavyoiita, ndiyo karatasi inayozuia hali hiyo. Ikiandikwa vizuri, husema kazi ni ipi, kila kitu kinagharimu kiasi gani, bei itadumu hadi lini na pesa zitalipwa vipi.

Juu ya karatasi huandikwa jina la mwanakandarasi, simu, namba ya PIN ya kodi na namba ya usajili wake kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Chini ya Sheria ya Mamlaka hiyo ya mwaka 2011, mwanakandarasi hutakiwa kusajiliwa. Kisha huja namba ya nukuu, tarehe, jina la mteja, mahali pa kazi na sentensi moja au mbili za kueleza kazi kwa vipimo.

Tuchukue mfano wa nyumba karibu na mji wa Rongo, inayohitaji sakafu ya zege ya mita 8 kwa 5, unene wa sentimita 10. Eneo ni mita 40 za mraba, na zege inayohitajika ni mita 4 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, kila mita ya ujazo hula takriban mifuko sita na nusu ya saruji. Hapo ndipo inapotoka mifuko 26. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Kila mmoja aulize bei ya siku hiyo katika duka lake.

1. Saruji, mifuko 26 kwa 800: 20,800
2. Mchanga, tani 3 kwa 2,000: 6,000
3. Kokoto, tani 6 kwa 2,500: 15,000
4. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu, mita za mraba 45 kwa 100: 4,500
5. Wavu wa chuma, mita za mraba 45 kwa 350: 15,750
6. Usafiri wa mali, safari 2 kwa 4,000: 8,000
7. Kukodi mashine ya kuchanganya zege, siku 1: 6,000
8. Mafundi 2, siku 2, kwa 1,500 kwa siku: 6,000
9. Vibarua 8, siku 1, kwa 800: 6,400

Jumla ndogo: 88,450
Gharama za usimamizi na faida, asilimia 10: 8,845
Jumla kuu: shilingi 97,295

Nailoni na wavu vimeandikwa mita 45 badala ya 40 kwa sababu vipande hulaliana kwenye maungio. Mteja akiona tofauti hiyo, sababu yake iko wazi.

Usafiri umetengwa na bei ya mali kwa makusudi. Mchanga uleule hautafika kwa gharama moja Rongo na Kisiwa cha Mfangano, ambako mali huvuka kwa chombo cha majini. Penye udongo mweusi, lori linaweza kukwama msimu wa mvua, na mali ikabebwa kwa mikono kutoka barabarani. Mwanakandarasi anayeficha usafiri ndani ya bei ya mchanga hawezi kueleza baadaye kwa nini bei imepanda.

Kodi ya ongezeko la thamani huandikwa kwenye mstari wake. Mwanakandarasi aliyesajiliwa kwa kodi hiyo huongeza asilimia 16 juu ya 97,295, yaani 15,567.20, na mteja hulipa 112,862.20. Ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kuidai.

Baada ya jumla huandikwa yale ambayo hayamo. Katika mfano huu: kujaza mawe chini ya sakafu na kushindilia, maji ya kuchanganyia, na kumwagilia zege kwa siku saba baada ya kumwagwa. Hayo yote ni juu ya mwenye nyumba. Sehemu hii fupi ndiyo inayookoa urafiki.

Kisha huja muda wa nukuu. Usiandike "bei inaweza kubadilika", maana maneno hayo hayamlindi yeyote. Andika tarehe kamili: "Bei hizi ni halali kwa siku 30, hadi tarehe fulani." Saruji ikipanda kutoka 800 hadi 900, mifuko 26 huongeza shilingi 2,600, karibu theluthi moja ya ile 8,845 ya usimamizi na faida. Mteja akikubali ndani ya siku hizo, hasara ni ya mwanakandarasi. Akikubali baada yake, nukuu mpya huandikwa.

Masharti ya malipo hufuata hatua za kazi zinazoweza kuonekana. Mali na usafiri katika mfano huu ni 70,050, kwa hiyo malipo ya kwanza ya nusu ya bei hayatoshi kununua vifaa, na mwanakandarasi anaweza kukwama katikati. Lakini pia si busara kwa mteja kutoa pesa zote kabla ya kuona mfuko hata mmoja. Mpango unaofaa pande zote ni huu: shilingi 70,000 mali inapofika na kuhesabiwa, au ilipwe moja kwa moja dukani mbele ya wote wawili, shilingi 17,000 zege ikishamwagwa na kusawazishwa, na 10,295 zilizobaki baada ya siku 14, ikiwa sakafu haina nyufa wala mabonde.

Kwa kazi za kaunti, mambo mawili hubadilika. Kwanza, ofisi inayoomba nukuu ndiyo inayotaja muda wa uhalali na masharti ya malipo. Mwanakandarasi hupaswa kuyafuata yalivyo, na kwa kawaida malipo huja baada ya kazi kukaguliwa na kukubaliwa. Ajiulize mapema atanunua mali kwa pesa zipi.

Pili, hesabu haina nafasi ya kusahihishwa. Kifungu cha 82 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015 kinasema bei ya zabuni iliyosomwa wakati wa kufunguliwa ni ya mwisho. Nazo kanuni za mwaka 2020 huhesabu kosa kati ya bei ya kimoja, idadi na jumla kuwa kasoro kubwa ya kuiondoa zabuni. Kwa hiyo zidisha kila mstari upya kwa kikokotoo, kisha jumlisha kutoka juu hadi chini na tena kutoka chini hadi juu. Majibu mawili yakitofautiana, kuna kosa katika kujumlisha.

Mwishoni, andika jumla kuu kwa tarakimu na kwa maneno, utie sahihi, na uache nafasi ya sahihi ya mteja na tarehe. Tengeneza nakala mbili, kila upande ubaki na yake. Mteja akitaka nyongeza baadaye, kama vile baraza mbele ya nyumba, iandikwe kwenye nukuu yake yenyewe kabla ya kuanza, si kuongezwa kwa kalamu kwenye ile ya kwanza.